Matela ya Kilo Kumi na Sita

Nina kilo mia moja na kumi na nane. Nilijipima mwenyewe, juu ya mizani ninayopimia maharagi sokoni Mweso, na anayetaka kucheka acheke sasa tumalize. Mume wangu ana kilo hamsini na kitu, na hicho kitu nadhani ni viatu.

Matela yetu ya kwanza, godoro la sponji, aliinunua yeye tulipooana. Ilikuwa nzuri mwaka mmoja. Baadaye katikati yake palizama shimo, mimi nikalala shimoni, na yeye akawa anateremka kunifuata humo bila kupenda. Kiuno changu kiligusa mbao za kitanda. Nikaamka asubuhi moja siwezi kuinuka, mpaka anivute kwa mikono miwili huku akihema, na mimi nikimtukana kwa kuhema.

Hapo njo taabu ilianza kweli. Nilikosa soko siku mbili, na kwenye meza yangu ya maharagi akakaa wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. "Pumzika tu, Mama," akaniambia, sauti tamu ajabu. "Mie nitakuuzia." Mimi si mutoto. Meza ya soko ukiiacha miezi miwili, wateja wanazoea sura nyingine na meza si yako tena. Kiuno changu kingekataa kupona, basi ningebaki nyumbani nikihesabu kuku, na wifi angekula miaka yangu kumi na minne ya kazi. Niliogopa. Usiku sikulala, na si kwa maumivu peke yake.

Muuguzi hospitalini alinipa vidonge, kisha akauliza ninalala juu ya nini. Nikamweleza lile shimo. Akatikisa kichwa. "Mama, vidonge vitakusaidia siku tano. Tafuta matela yenye dansite kubwa. Kwa kilo zako, dansite thelathini, isipungue. Na usidanganywe na unene."

Dansite ni kitu rahisi, ila wauzaji wanaifanya siri ya kanisa. Ni kilo ngapi za sponji ziko ndani ya meta moja ya ujazo. Sponji yenye kilo nyingi ina nyama, inabeba muntu miaka. Sponji yenye kilo chache ni hewa na matumaini. Na ugumu si dansite: sponji nyepesi wanaweza kuitengeneza ngumu, uiguse dukani useme hii ni mbao, na miezi mitatu baadaye imelala chini kuliko wewe.

Nilimweleza mume wangu hayo yote. Akasikiliza vizuri, kisha akasema, "Sawa, tununue ya santimeta thelathini." Kwao Kashebere, upande wa Walikale, muntu akinunua matela ndugu wanasafiri kuja kuiona kama wanavyokuja kuona mutoto mchanga. Wanaibonyeza kwa kiganja, wanaangalia kitanda kimefika wapi ukutani, wanapiga kigelegele. Hakuna anayeuliza dansite. Mume wangu alitaka kitanda cha kupandia kwa ngazi. Kiuno ni changu, sifa ni zake!

Nilikuwa na dola themanini, za maharagi, na hakuna hata franga moja juu yake. Nikaenda na mume wangu kwa muuza matela, mwanaume mmoja mwenye tabasamu pana na duka jembamba, nikabebesha mizani yangu kwenye toroli. Alipoiona akacheka. "Mama, unakuja kuuza maharagi ao kununua matela?"

"Nitanunua matela kama ninavyonunua maharagi. Sinunui gunia kwa kuangalia tumbo lake."

Akanionyesha kwanza ile aliyoitaka mume wangu, nene, yenye maua mekundu, imeandikwa 30 kwa herufi za dhahabu. Nikatoa futi ya fundi cherehani. Urefu meta moja na tisini, upana meta moja na arobaini, unene santimeta thelathini. Nikazidisha hayo, ikawa karibu meta za ujazo sifuri nukta nane. Kwa dansite thelathini ingepaswa kuwa na kilo ishirini na nne. Tukaiweka juu ya mizani. Kilo kumi na tatu.

"Papa," nikamwambia, "hii thelathini ni ya nini? Ni santimeta ao ni umri wako?"

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Dansite yake ilikuwa kumi na sita. Mume wangu alibaki anayapapasa yale maua kwa huzuni, kama anaaga. Nilijisikia mkubwa, kwa maana ile nyingine ya ukubwa, na nilifurahi mno. Nikaendelea kupima kila matela dukani, na kila namba iliposoma chini nikaitangaza kwa sauti. Muuzaji alifuta jasho. Watu walisema, huyu mama ni hatari.

Ya tano ilikuwa ya unene wa santimeta ishirini, ndani ya plastiki, imeshuka kwenye lori kutoka Goma siku iliyotangulia. Kwa ukubwa ule, dansite thelathini ni kilo kumi na sita kasoro kidogo. Mizani ikasoma kumi na sita na nusu. Niliibonyeza: ngumu vizuri, baridi kidogo mkononi. Nikasema ni baridi ya asubuhi. Mweso ni milimani, kila kitu asubuhi ni baridi.

"Hii njo sponji!" nikapiga kelele. Nikalipa zote themanini. Muuzaji akanishauri niiache plastiki siku chache isichafuke, na mimi nikamwona ni muntu mwema.

Wakwe walikuja kutoka Kashebere. Wakabonyeza. "Fupi," akasema mama mkwe. Nikawapa somo la dansite, nusu saa, na hesabu zake. Wifi yangu alikunywa chai akisikiliza, akauliza kama niko na maharagi ya kutosha kwa soko la kesho. Yeye aliyaulizia kama mwenye meza!

Wiki ya kwanza nililala vizuri, nadhani kwa kiburi. Ya pili, nikasikia harufu ya kitambaa kilichosahauliwa ndani ya beseni. Tukatoa plastiki. Upande wa chini sponji ilikuwa imelowa. Lori lilinyeshewa njiani, plastiki ilikuwa na tundu, na maji yalikuwa yameshuka ndani yakakaa kimya, yakinisubiri na mizani yangu. Tukaianika juani siku nne. Nikaipima tena. Kilo kumi na nusu.

Dansite ishirini. Nilikuwa nimenunua maji ya mvua, lita sita, kwa bei ya sponji.

Nilikaa chini nikalia, sitaficha. Kwa sababu kama kuna muntu mmoja sokoni Mweso ambaye hakupaswa kudanganywa na maji, ni mimi. Gunia la maharagi nikilipokea naingiza mkono mpaka chini, natoa punje, naiuma kwa jino. Ikikubali jino, iko na maji, na ninashusha bei. Kazi hiyo naifanya tangu mutoto wangu wa kwanza azaliwe. Lakini nilipopata watu wa kunipigia makofi, nilisahau kuuma.

Nikarudi dukani nimewaka. Muuzaji hakushtuka hata kidogo. "Mama, nilipima mimi? Mizani ya nani?" Watu wale wale wakajaa mlangoni, safari hii wakicheka upande mwingine. Nikamwita mwizi. Akanisogelea, akasema polepole, "Na yale maharagi uliyoniuzia msimu wa mvua, yale yaliyochipuka jikoni mwangu, tuyaite nini?"

Aka! Yalikuwa na maji kweli, niliyajua yana maji, na nilimuuzia kwa sababu yeye ni muntu wa duka, hajui kuuma punje. Nilisema neno ambalo sijawahi kulisema sokoni: "Nisamehe." Na yeye, kwa kushangaa nadhani, akaipokea tena matela yake, akanipa dola hamsini. Thelathini zikabaki kwake. Hapo tukawa tumepimana.

Hamsini hainunui matela ya dansite thelathini ya watu wawili. Nikaenda kwa fundi wa viti vya sebule, nyuma ya soko, mzee mmoja asiyependa maneno. Nikamweleza kilo zangu bila kuona haya. Akanionyesha sponji ya vipande: mabaki ya sponji yaliyokatwa na kugandamizwa pamoja na gundi, ya kijani, njano, waridi, kama matapishi ya mutoto. Nzito na ngumu. "Hii haizami," akasema. "Ila peke yake itakuumiza bega na nyonga. Juu yake tuweke sponji safi ya dansite thelathini, santimeta tano tu. Chini kumi ya vipande. Na punguza upana. Kwa pesa yako, santimeta tisini."

"Tisini ni ya muntu mmoja."

"Nani anaumwa?"

Nikakiuma kile kipande cha sponji safi, kwa jino, mbele yake. Kikavu. Kisha akaiweka juu ya ile ya vipande, akaniambia nilale juu yake kwa ubavu, pale pale chini kati ya miguu ya viti, nisihame mpaka amalize kupiga misumari kiti kimoja. Kabla sijainuka, akaingiza mkono chini ya nyonga yangu akapima: haikugusa sakafu. Watu walipita wakitazama. Acha watazame. Nilikuwa nimeshatazamwa vya kutosha.

Tukaiweka nyumbani pembeni ya kitanda cha zamani. Ilikuwa fupi mno hata kuku waliona wanaweza kuipanda. Mume wangu alibaki na lile shimo letu, peke yake, amelala katikati yake. Wiki ya pili alianza kuamka akishika kiuno, na nikamvuta kwa mikono miwili. Sikuhema. Mama mkwe alipokuja tena hakubonyeza hata mara moja, alisema tu, "Masikini, mumegombana?"

Wiki ya tatu nikaamka siku ya soko nikakaa, nikasimama. Mwenyewe. Hakuna aliyenivuta. Nikajifunga kitenge nikashuka barabarani na ndoo yangu.

Wifi alikuwa ameshapanga maharagi, mafungu mazuri kuliko yangu, nisiseme uongo, na wateja watatu walikuwa mbele yake wakimwita Mama. Mmoja ni mteja wangu wa miaka mingi. Aliniona, akaangalia chini.

"Ah, dada!" wifi akasema. "Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kuuza."

"Lakini kiti ni kimoja."

Na kweli kilikuwa kimoja. "Kaa tu," nikamwambia. Nikazunguka meza, nikasimama mbele yake, kati ya kiti na meza, kilo zangu zote mia na kumi na nane, mpaka wateja hawakuweza tena kumwona. Nikasimama hivyo mpaka jioni.