Kwetu Hakuna Aliyekufa

Mke wangu alianza na moto. Hivyo ndivyo alivyouita, na naandika alivyosema yeye, kwa sababu nimeona shida inayokuja watu wakibadilisha. Alisema moto unaanzia kwenye nyayo, unapanda magotini, halafu unakaa katikati ya mabega usiku wote. Mchana ulihamia kifuani. Alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaa wa Kisumu Ndogo, na ikafika siku akaniambia hawezi kukaa karibu na jiko la jirani yake anayekaanga, eti joto la jiko linaita joto lake.

Mimi ni fundi wa vitanda pale Kawangware 56. Shule niliachia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya magonjwa nayaelezea kwa kadiri nilivyoyaelewa, na huenda mengine sikuyaelewa. Tunakaa mtaa wa Gatwekera, chumba kimoja, na binti yetu aliye darasa la pili.

Kwanza tulienda kwa kliniki ndogo iliyo karibu na nyumba. Alipimwa damu, akaambiwa ni taifodi. Akameza dawa, moto ukabaki. Tukarudi, ikawa bado taifodi. Mara ya tatu wakasema ni vidonda vya tumbo. Sitaki kumsema vibaya yule mtu wa kliniki. Mke wangu alimwambia mwili unawaka, na yeye akatafuta kitu kinachochoma mwili. Hata mimi ningetafuta hicho. Pale kazini rafiki yangu mmoja alicheka akasema, "Buda, bibi yako amekula dawa mpaka atatoa harufu ya kemisti." Nilicheka pia. Nyumbani sikucheka, kwa sababu alikuwa ameacha kula. Usiku alilala akiangalia mabati, macho wazi.

Halafu akaniambia jambo lingine. Jioni, giza likianza kuingia, alisikia mtoto akilia.

"Ni wa jirani," nikamwambia.

"Wa jirani namjua. Huyu si yeye."

Tukaenda kwa mchungaji wetu. Lazima niwe mkweli juu yake pia, kwa sababu watu wanapenda kuwalaumu wachungaji. Yeye ndiye mtu wa kwanza kusema, "Huyu mama ana uchungu, hana taifodi." Alisema ni roho inayomsumbua, akaweka mkono kichwani pake na kuomba mpaka jasho likamtoka. Siku hiyo mke wangu alilala vizuri, hilo nililiona kwa macho yangu. Lakini akamwambia afunge, na mtu ambaye tayari hali chakula ukimwambia afunge unamwongezea tu alichokuwa akifanya. Akaanguka pale kwenye mfereji wa maji, ndoo ikamwagika, akina mama wakamleta nyumbani wakimshika kwapa.

Ndipo nikampeleka kwenye kituo cha afya cha serikali, ambako kuna chumba cha watu wenye shida za akili. Sikumwambia ni chumba cha nini. Foleni ilikuwa imefika langoni. Daktari alikuwa kijana, amechoka, lakini alituongelesha kwa heshima.

"Mama, unasikia sauti ambazo watu wengine hawasikii?"

"Ndiyo."

"Ya nani?"

"Ya mtoto."

"Mtoto yuko wapi?"

"Hayuko."

Daktari akaandika. Akanigeukia mimi. "Mko na watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Kuna mtu amefariki kwenu karibuni?"

"Hapana," nikasema. Mke wangu naye akatingisha kichwa kwamba hapana.

Hapa lazima nieleze, maana mtu asiye wa kwetu anaweza kufikiri tulidanganya. Miezi michache kabla ya moto, mke wangu alijifungua katika hospitali nyingine, na mtoto akatoka akiwa amekufa. Alikuwa mvulana. Nilipiga simu nyumbani, Magharibi mwa nchi, kuuliza wazee, nao wakanijibu bila ukali wowote, kama watu wanaoeleza jambo linalojulikana. Mtoto ambaye hakulia hapewi jina, hakaliwi matanga, haendi kwenye hesabu ya watoto wala ya waliokufa. Ukimlilia unaweza kufunga tumbo la mama, asizae tena. Hospitali ikamzika, sisi tukarudi Gatwekera, na mke wangu akarudi kwa omena zake. Hakuna aliyemkataza kulia. Ni vile tu hakukuwa na siku ya kulia. Kwa hiyo daktari alipouliza kama kuna aliyekufa, tulimjibu kwa hesabu ya kwetu, na kwa hesabu hiyo jibu lilikuwa sawa.

Yeye naye alikuwa na hesabu yake. Mwanamke halali, hali, anasikia sauti ya mtoto asiyekuwepo, na hakuna msiba wala lolote la kuieleza. Akasema ni ugonjwa wa kuchanganyikiwa, akatupa dawa. Kwa aliyoambiwa, sioni angeandika nini kingine.

Ile dawa ilimkamata vibaya. Siku iliyofuata shingo yake ilijipinda upande ikakataa kurudi, taya likakaza, mate yakamtoka. Binti yetu akalia, "Baba, mama anageuka!" Jirani akapiga kelele kwamba pepo limejionyesha sasa, na nusu ya moyo wangu ikakubaliana naye. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, na mtu wa mkokoteni akanisaidia kumfikisha kituoni.

Daktari hakuwepo. Alikuwepo sista, muuguzi, mama mtu mzima anayefanya kazi katika chumba kile kile. Alimwangalia mara moja tu akasema, "Ni dawa hii. Inafanyia watu wengine hivi. Usiogope, baba." Akamchoma sindano, na tukiwa bado tumekaa kwenye benchi shingo ikaanza kulegea. Akasimamisha ile dawa. Akachukua damu akapima, akakuta iko chini sana.

"Amezaa karibuni?" akaniuliza.

 Lile jibu nililompa daktari lilikuwa bado mdomoni. Mambo ya uzazi kwetu mwanaume hayasemi mbele ya mkewe hivi hivi, na sikujua kama lile linaitwa kuzaa.

Sista akaona nasita. "Kuna mtu wa kwao anayeweza kuongea naye mambo ya kina mama?"

Yuko senje yake, dada ya baba yake, anayeuza mboga Kawangware. Kwetu senje ndiye anayemwambia msichana yale ambayo mama yake hawezi kumwambia. Mimi namheshimu mpaka naogopa kumpita mlangoni. Nikampigia simu, akaja na aproni yake ya sokoni, mikono inanuka dania. Akamtazama mke wangu, kisha mimi.

"Mkwe, umemwacha akakonda hivi na una simu mfukoni?"



Sista akamuuliza naye, na senje hakuzunguka. "Alizaa. Mtoto alikuja kimya."

 Mke wangu akaanza kuangalia vidole vyake. Sista hakukimbilia kuandika. Aliweka kalamu chini akamuuliza senje, "Mama, nyinyi kwenu, mwanamke kama huyu akisikia mtoto analia jioni, watu husema ana wazimu?"

"Wazimu?" Senje karibu acheke. "Mimi mwenyewe nilisikia wangu. Mama yangu alisikia wake. Wanasema maziwa bado hayajasahau. Wazimu ni mwingine, ule wa kuvua nguo barabarani. Huu tunaujua."

"Na moto?"

"Mwanamke asiposema, mwili utasema. Utasema moto, utasema mgongo. Sasa atasema nini kingine? Aseme ana huzuni? Huzuni ni kitu cha redio."

Sista akacheka kidogo, lakini hakuchukua tu maneno ya senje akayafanya dawa. Akamgeukia mke wangu akamuuliza polepole, moja baada ya lingine. Huyo mtoto anakuambia ufanye kitu? Hapana, analia tu. Unamsikia hata mchana, au unasikia sauti nyingine zikikusema vibaya? Hapana. Kuna wakati unafikiri afadhali usiwepo?

Mke wangu akaviacha vidole vyake, akamtazama sista.

"Natamani nilale nisiamke," akasema. "Lakini sijapanga kitu. Natamani tu."

Nililala naye kitanda kimoja miezi yote ile, kitanda nilichokitengeneza mwenyewe, na hilo sikuwa nalijua. Mtu wa kliniki hakuliuliza, mchungaji hakuliuliza. Nami sikuliuliza.

Sista akatueleza kwamba anavyoona ni ugonjwa wa huzuni baada ya kufiwa. Si kuchanganyikiwa, na moto haukuwa wa uongo. Sehemu ilikuwa upungufu wa damu, na sehemu ilikuwa hiyo huzuni kwa lugha yake. Atampa dawa ya damu na dawa nyingine ambayo haifanyi kazi haraka, inachukua wiki kadhaa, na kila wiki aje waongee. Asiachwe peke yake sasa hivi. Akiona vibaya zaidi arudi hata bila tarehe. "Na mchungaji wenu mwambieni aombe, lakini mama aombewe akiwa ameshiba." Nilimfikishia mchungaji maneno hayo nikiogopa atakasirika. Alikubali. Siku iliyofuata alituma unga na maharagwe.

Senje hakurudi Kawangware jioni ile, alikuja nasi nyumbani. Aliniambia, "Mkwe, chukua mtoto, tokeni nje." Nikamuuliza kuhusu maneno ya wazee, kwamba tumbo litafungika. Akaniambia, "Wazee ni wanaume. Toka nje." Sijui kama alikuwa na haki ya kuamua hivyo. Bado najiuliza, na wazee bado sijawaambia.

Nilisimama na binti yangu karibu na mtaro. Kwanza tulisikia senje akiongea kwa sauti ya chini. Halafu tukasikia mke wangu. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia hivyo, kwa sauti ya tumbo, kama wanavyolia kwetu maiti ikifika boma. Milango ikafunguka. Jirani yule wa pepo akatoka na mwiko mkononi.

"Kuna nini tena?"

"Anamlilia mtoto," nikasema.

Jirani akaniangalia, akaangalia binti yangu aliyesimama mzima kando yangu. Kisha akaelewa. Akaenda kuweka mwiko kwake, akavaa leso, akaingia ndani na wao.

Imepita miezi mingi sasa. Mke wangu amerudi Kisumu Ndogo, anakula, na moto anasema umeshuka mpaka magotini, siku nyingine haupo. Watu huniuliza ni nini kilichomponya. Sista angesema dawa na kuongea, mchungaji angesema maombi, senje angesema kilio, na ile dawa ya damu nayo ina haki yake. Nimejaribu kugawanya na nimeshindwa.

Jioni nyingine, tukiwa tunachambua omena, mkono wake husimama juu ya ungo. Zamani ningemwambia ni wa jirani.

"Unamsikia?" nauliza.

"Namsikia. Ngoja."

Nangoja.