Walimu Kumi na Tisa wa Safu ya Mwisho

Kunegunda Mapunda alifundisha shule ya msingi miaka kumi na mitatu kabla ya kuingia ofisini, na hata baada ya kuingia ofisini watu wa mtaani kwake Ruhuwiko waliendelea kumwita Madam. Kazi yake mpya ilikuwa ufuatiliaji na tathmini katika shirika dogo la elimu hapo Songea. Mradi wao ulifadhiliwa kutoka nje, na ulikuwa wa kuwafundisha walimu wa darasa la kwanza na la pili mbinu bora za kufundisha watoto kusoma.

Mradi wote ulikuwa umekaa kwenye karatasi mbili, katika kile walichokiita jedwali la mantiki. Upande mmoja shughuli: kuendesha semina. Semina zikifanyika, walimu mia mbili na arobaini watakuwa wamehitimu. Hayo ndiyo mazao ya mradi, na uthibitisho wake ni orodha za mahudhurio na mtihani wa mwisho wa semina. Walimu wakishahitimu, watazitumia mbinu hizo darasani. Hayo ndiyo matokeo. Kiashiria chake kiliandikwa hivi: asilimia ya walimu waliohitimu wanaotumia angalau mbinu nne kati ya sita, kwa kuangaliwa wakifundisha. Lengo la mwaka wa pili lilikuwa asilimia sitini na tano.

Safu ya mwisho ya jedwali iliorodhesha mambo ambayo mradi hauna mamlaka nayo lakini unategemea yawe hivyo. Mojawapo lilisema: walimu waliohitimu watabaki madarasa ya chini. Sentensi hiyo aliiandika Kunegunda mwenyewe, adhuhuri moja ya Ijumaa, andiko la mradi likisubiriwa kutumwa kabla ya saa kumi. Hakuiuliza shule yoyote.

Mwaka wa pili walimu wote mia mbili na arobaini walikuwa wamehitimu. Kunegunda akachagua sitini kwa bahati nasibu, akafunga safari kuwatembelea na fomu zake.

Namasakata, wilayani Tunduru, alimtafuta mwalimu aitwaye Halima, aliyeongoza katika mtihani wa semina ya kwanza. Alimkuta darasa la sita, akifundisha hesabu za sehemu.

"Shikamoo, Madam," Halima alisema, akifuta mikono vumbi la chaki. "Umenifuata mimi?"

"Marahaba. Nimekufuata wewe. Nilitegemea nikukute na watoto wa la kwanza."

"Nilikaa nao miezi mitatu tu. Mwalimu mkuu akasema mwalimu mzuri asipotezwe kwa wadogo, mtihani wa taifa unakuja. Na kwa kweli sikumlaumu. Tuko watano shule nzima."

"Nani yuko nao sasa?"

"Kijana mmoja, ameajiriwa juzijuzi. Namwonea huruma. Watoto tisini na nane, na semina hajaiona." Halima aliweka chaki mezani. "Kadi za herufi tulizotengeneza bado ninazo nyumbani. Sijui nizifanyie nini."

Kunegunda hakuwa na kisanduku cha kuweka alama kwenye fomu kwa jambo hilo. Aliliandika nyuma ya karatasi.

Alipomaliza shule zote, hesabu ilikuwa hivi. Walimu ishirini na tisa walizitumia mbinu. Kumi na wawili walikuwa madarasa ya chini lakini hawakuzitumia. Kumi na tisa hakuwakuta kwenye madarasa hayo kabisa: wengi walipandishwa madarasa ya juu, wachache walihamishwa shule, watatu waliacha kazi.

Meneja wa mradi, Dastan Ngonyani, aliisoma ripoti mbele yake. Hakuwa mtu mwongo. Alikuwa na wafanyakazi kumi na mmoja ambao mikataba yao ilisubiri tathmini hiyo.

"Dada Kunegunda, umegawanya ishirini na tisa kwa sitini. Umepata asilimia arobaini na nane. Lakini wale kumi na tisa hukuwaona wakifundisha kusoma. Utampimaje mtu ambaye hayupo? Gawanya kwa arobaini na mmoja uliowaona. Sabini na moja. Lengo tumelivuka."

"Kiashiria kinasema walimu waliohitimu, meneja. Hao kumi na tisa walihitimu. Tumewahesabu kwenye mazao."

"Kuhama kwao si kosa letu. Hata jedwali linasema hatuna mamlaka nalo."

"Linasema hivyo kwa sababu niliandika mimi."

Dastan akamtazama, akaifunga ripoti. "Fikiria mpaka Alhamisi. Dorine wa wafadhili anakuja."

Siku tatu hizo Kunegunda hakuwa na raha. Hoja ya Dastan ilikuwa na uzito. Yeye mwenyewe alipoirudia kichwani hakuona uongo ndani yake. Asilimia sabini na moja ilikuwa kweli kuhusu kitu fulani: kwamba mwalimu akiachwa mahali pake, semina inafaa. Ila haikuwa kweli kuhusu yule kijana na watoto wake tisini na nane. Na lililomuuma zaidi ni kwamba angeweza kulijua jambo hili tangu ile Ijumaa. Yeye mwenyewe, mwaka wake wa nne wa ualimu, alitolewa darasa la kwanza akapandishwa la saba kwa sababu hizohizo.

Alhamisi alifika Dorine, mwakilishi wa wafadhili, mwanamke mpole aliyezoea kusoma majedwali kuanzia chini. Kunegunda aliweka hesabu zote mbili mezani, akaeleza kila moja imegawanywa kwa nini.

"Ya kuripoti kwa kiashiria chetu ni arobaini na nane," alisema. "Ya pili inatusaidia kujua tatizo liko wapi. Si semina. Ni mahali walimu wanapopangwa baada ya semina. Na hilo niliandika kwamba litakuwa sawa bila kumuuliza mtu. Kosa hilo ni langu."

Dastan alikuwa akigeuzageuza kalamu yake. Kisha akasema, taratibu, "Nilitaka tulete ile sabini na moja. Nalisema mwenyewe kabla hamjauliza."

Dorine aliuliza, "Mnapendekeza nini?"

"Tusiubadilishe ufafanuzi wa kiashiria," Kunegunda alijibu. "Tubadilishe shughuli. Tulichodhani kitatokea chenyewe tukifanyie kazi. Tukae na walimu wakuu na maofisa elimu wa wilaya, wakubaliane mwalimu aliyehitimu abaki madarasa ya chini miaka miwili. Na pale asipoweza kubaki, amfundishe anayempokea darasa, shuleni hapohapo, kila wiki. Tuhesabu makubaliano, tuhesabu walimu waliopokezwa madarasa. Hayo yawe mazao mapya. Na hao waliopokezwa tuwaangalie darasani kwa fomu ileile, ila kwa kiashiria chao."

Dorine aliandika kwa muda mrefu. Fedha za semina mbili za marudio zilizobaki zilielekezwa kwenye kazi hiyo. Nyongeza ya mwaka mmoja wa mradi ambayo Dastan aliitarajia haikuahidiwa. Ingetegemea matokeo ya mwaka wa tatu. Wafanyakazi wawili wa semina hawakuongezewa mikataba, na mmoja wao hakuzungumza na Kunegunda tena. Jambo hilo alilibeba.

Mwaka wa tatu alichagua tena walimu sitini. Aliowakuta wakizitumia mbinu walikuwa thelathini na saba, asilimia sitini na mbili. Lengo halikufikiwa. Waliopokezwa walikuwa hamsini na wanne, na zaidi ya nusu yao walifundisha vizuri kuliko alivyotegemea. Kwa maendeleo hayo, nyongeza ya mwaka ikapatikana.

Dastan alipoipata barua ya nyongeza hiyo alikuja mezani kwake na kuvuta kiti. Alitaka waanze kuandika jedwali jipya, kwa ajili ya wilaya ya Mbinga.

"Tuanze na safu ipi?" aliuliza.

"Tusianze leo," Kunegunda alisema. "Kwanza nipe gari wiki moja niende Mbinga nikawaulize walimu."