Filamu ya Kumkalisha Bibi Emerensiana

Mbinga mjini kuna vibanda vingi vya kujaza muvi kwenye flashi, na kwenye vingi mwenye duka hakuulizi kitu. Unampa flashi, anakurundikia vita na karate, unaondoka. Kwa Siwema sivyo. Kwa Siwema utaulizwa maswali kama uko kliniki. Unaangalia na nani? Mnakula huku mnaangalia? Mkiona mtu analia mnalia naye au mnamcheka? Wapo waliomwona ana kiherehere, wakahamia jirani. Wengi walirudi kimyakimya, flashi mkononi, kama mume aliyefukuzwa kwa mke mdogo.

Ndiyo maana Hamphrey alimwendea. Hamphrey anapakia usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye kirikuu chake kutoka Mbaha, kule ziwani, anaupandisha Mbinga kuuza. Siku hiyo alifika dukani na sura ya msiba.

"Dada Siwema, niokoe. Mama yangu ataoza mguu."

Mama yake, Bibi Emerensiana, aliteleza kwenye mawe ya pwani pale mitumbwi inapopandishwa, akavunjika mguu chini ya goti. Hospitali wakamfunga hogo la plasta, wakamwambia asiukanyage kabisa mpaka mfupa uunge. Akasema sawa, baba daktari. Kesho yake jirani wakamkuta amejikongoja hadi kwenye vichanja vya usipa, anawaonyesha wenzake jinsi ya kugeuza samaki, kana kwamba samaki wamebadilisha tabia tangu avunjike. Daktari akaonya: akiendelea hivyo, mfupa utaunga upande, na atachechemea maisha yake yote. Hamphrey akamnunulia televisheni ili akae. Hakukaa.

"Anasema muvi za kizungu na za kichina hasikii wanachosema, na yale maandishi ya chini hayataki."

"Hajui kusoma?"

"Mama? Ndiye anayesoma masomo kanisani, bila miwani!"

Siwema akacheka. Kazi ameipata.

Kwanza alimpelekea tamthilia ya Kikorea yenye maandishi ya Kiswahili. Huwa haweki hivihivi. Faili la maandishi analipa jina lilelile la muvi, maana yakipishana jina televisheni hailioni. Kisha anakagua kama maneno yanatoka pamoja na midomo; yakichelewa, mtu anaangua kicheko pale muuaji anapochomoa kisu. Hamphrey aliporudi na jibu, alikuwa amelikariri: "Mama amesema amevunjika mguu, hakuandikishwa shule."

Siwema akadhani herufi ni ndogo. Akayapigilia maandishi kwenye picha yenyewe kwa kompyuta, makubwa, ya njano yenye ukingo mweusi, yasipotee hata mtu akivaa shati jeupe. Jibu: "Mama amesema sasa yamemfunika dada mzuri mdomo, na ule mdomo ndio aliokuwa anauangalia."

Basi akachagua filamu isiyohitaji maandishi, ya mzee mmoja na punda wake jangwani, watu wasemao maneno machache kuliko mabubu. Huo ni ujanja wake wa siku zote kwa wachukia-kusoma, na haukuwahi kumwangusha. Jibu: "Mama amesema aliinama kidogo, alipoinua kichwa punda amekufa na hajui nani kamuua."

Akaja na zile zenye DJ anayetafsiri juu ya sauti. Hizo bibi alizizima mwenyewe, kwa kuirushia televisheni kandambili. Kwenye muvi kulikuwa na mazishi. Mjane analia, DJ akaingiza utani kuhusu viatu vya mchungaji.

"Maiti iko ndani ya nyumba," Hamphrey alinukuu, "na huyu anapiga kelele kama kondakta!"

Halafu akaongeza taratibu: "Jana amekwenda tena pwani, dada. Mguu umevimba juu ya hogo."

Hapo Siwema alifunga duka, akapanda kirikuu, akashuka ziwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeniletea wale wasiosema?"

"Ndiye mimi, bibi. Nimekuja tuangalie pamoja."

"Angalia wewe. Mimi nasikiliza."

Siwema hakuangalia televisheni hata kidogo. Alimwangalia bibi. Ungo wa maharage ulikuwa mapajani, vidole vinachambua, macho hayabanduki kwenye ungo. Maharage yakiisha, jirani analeta mengine. Yakikosekana, kuna mihogo ya kumenya. Mwanamke wa Mbaha kukaa mikono mitupu mchana kweupe ni ama mgonjwa mahututi au mvivu, na bibi hakutaka kuitwa lolote kati ya hayo. Maandishi yote ya dunia, makubwa kwa madogo, yalikuwa yanapita juu ya kichwa kilichoinama. Na yule mzee wa punda? Macho hayapo, maneno hayapo. Bibi amebaki na mlio wa upepo.

"Kumbe nilikuwa namuuliza mtu wa kati," Siwema alijiambia. "Nimeuliza hataki nini, sikuuliza anaangaliaje."

Kisha akasikia redio dirishani. Redio ya ng'ambo, Malawi, mtu anasimulia kesi ya shamba. Na bibi, kichwa kwenye maharage, alikuwa anamjibu kwa Kinyasa, lugha ya kwao, anamkatalia, anamtukana kidogo.

"Bibi, huyo unamsikia vizuri?"

"Kwa nini nisimsikie? Wanavuta maneno tu kama wenye usingizi. Shangazi yangu ameolewa kulekule."

Siwema alikaribia kujipiga kofi. Miaka yote hiyo, kwake filamu ya nje ilikuwa ni ile iliyopanda ndege. Ya watu wa ng'ambo ya ziwa hilihili hakuiweka hata rafu moja. Kupitia mfanyabiashara wa vitenge atokaye Nkhata Bay alipata filamu kadhaa za Kimalawi, za halali, walizouza watengenezaji wenyewe. Yeye ni Mmatengo wa Mbuji, haambulii neno. Hata hivyo alizipima: alikaa ameipa skrini mgongo, na jirani yake mzaliwa wa Liuli, anayejua Kinyasa, akamweleza kila alichosikia, bila kuangalia. Muvi ambayo jirani alipotea njia, ikatupwa. Muvi yenye ugomvi wa mawifi, ambapo kila mtu anamtaja mwenzake kwa jina kabla ya kumchamba, ikapita kwa kishindo.

Hiyo ndiyo iliyokwenda Mbaha.

Bibi aliisikiliza kuanzia mwanzo. Wifi mkubwa alipodanganya, bibi aliacha maharage. Akainua macho, mikono mitupu, mchana kweupe. Akafoka kwa sauti ya kufika pwani. Wenzake wakaja kuuliza nani kaibiwa, wakakaa. Kesho yake wakaja na usipa wao wa kuchambua, wakamzunguka, na bibi akawa anawapa habari waliochelewa. Hakuwa na sababu tena ya kujikongoja kwenye vichanja. Watu wa vichanja walikuwa sebuleni kwake. Siwema akawa anaongeza: mawifi, kesi za urithi, mchungaji tapeli.

Siku ya kukata hogo daktari aliubonyeza mguu, akautazama kwenye picha ya eksirei, akasema mfupa umeunga sawasawa, na sasa mama lazima aanze kutembea kila siku.

Baada ya wiki Hamphrey akaibuka dukani, sura ileile ya msiba.

"Dada Siwema, niokoe."

"Kuna nini tena? Si amepona?"

"Amepona. Hataki kuinuka."