Nanasi la Shangazi

Mwanangu, kila ukinisomea mashairi yako kwenye simu, nakumbuka siku moja kule Kiwangwa, na mpaka leo najikasirikia.

Shangazi yangu Mwanaheri alikuwa mjane, anaolewa tena Bagamoyo. Mawifi wapya walishaanza kunong'ona kuwa yeye ni makapi. Akawatungia jibu lake: *Nanasi hukatwa kichwa, kichwa kikapandwa tena*. Wakulima wa mananasi sote tunajua kile kishungi cha majani: ukikikata ukakipanda, kinazaa upya.

Tatizo lilikuwa ngoma. Mstari ulikuwa na mizani nane kila upande, na mdundo wa kina mama waimbaji wa harusi ulibeba sita tu. Wakiimba, maneno yanawakimbia. Shangazi akaniita, maana nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne na najiona mshairi.

"Nipunguzie mbili huku na mbili huku. Kesho mawifi wanaleta hina."

Mimi, badala ya kupunguza, nikaona nanasi ni la kishamba. Nikawapa kina mama mstari wangu: *Ua la waridi, halitanyauka*. Hesabu nikaipata, sita kwa sita. Nikatembea kifua mbele!

Kesho yake wakauimba mbele ya mawifi. Mmoja akaangua kicheko. "Waridi la mwaka gani hilo lisilonyauka? Na mwenyewe keshazika mume!"

Shangazi alikuwa mkekani, hina mbichi mikononi. Akaniita mlangoni.

"Shomari! Nilikwambia unipunguzie mwendo, au nilikwambia uning'olee shamba?"

"Shangazi, nanasi halikuingia..."

"Halikuingia, au hukulitaka? Kichwa nimekitaja mara mbili, mara moja haitoshi? 'Kupandwa tena' kote huko si kuota tu?"

Vidole havikuweza kuhesabu kwa ile hina, basi akapiga kisigino chini, silabi kwa silabi: *Ki-chwa-cha-na-na-si, ki-ka-twe-hu-o-ta*. Sita, sita. Mpiga ngoma akaudaka hapo hapo, kina mama wakaitikia. Baadaye nikamwona yule wifi aliyecheka anapiga makofi, maana naye kwao ni wakulima wa mananasi.

Shangazi aliolewa kwa heshima yake. Ila hakunipa tena shairi lake niliguse, na kile kicheko cha kwanza ni mimi niliyemletea.

Basi mwanangu, ukitaka kubadili mwendo wa mstari, uliza kwanza ni picha gani inayousimamisha. Hiyo usiiguse. Punguza neno lililorudiwa, tafuta kitenzi kimoja kinachobeba kazi ya viwili, geuza mpangilio, kisha gonga chini usikie. Na kama mstari si wako, muulize mwenyewe kabla hujamwaibisha mbele za watu.

Mola akupe sikio jepesi na mkono wenye adabu, na kila utakachokikata kiote.