Karatasi Tano Zenye Sahihi ya Papa

Papa yangu alikuwa na desturi ya kutia sahihi karatasi tupu. Alikuwa prezida wa ushirika wetu wa kahawa, kwenye vilima vilivyo juu ya Kirotshe, nami nilikuwa sekretere wake. Nilisoma miaka mitatu tu ya sekondari, lakini mwandiko wangu unasomeka na ninajua kutumia mashine ya kompyuta. Kwa kuwa alikuwa akienda Masisi ao Goma siku nyingi, kila mara aliniachia karatasi chache zenye kichwa cha ushirika, zimetiwa sahihi yake na muhuri chini, juu zikiwa nyeupe. Barua ya haraka ikihitajika, niliandika juu ya sahihi. Sote tulijua, na hakuna aliyeona ubaya.

Siku aliyopelekwa hospitalini alitia sahihi karatasi tano. Hakupata nguvu za kutia ya sita. Hakurudi. Tulimzika pembeni mwa shamba lake la kahawa.

Mavuno hayangoji kilio. Kabla ya papa kuugua, mnunuzi mmoja kutoka Ulaya alikuwa ameahidi kuja kuona jinsi tunavyoosha kahawa. Bila kuona kwa macho yake, hangetia sahihi ya kununua. Asipokuja kabla ya mavuno kwisha, wanachama wangeuza matunda yao kwa walanguzi wa barabarani, kwa bei wanayoitaka hao walanguzi. Aliomba barua ya mwaliko ili apeleke kwenye ubalozi wa nchi yetu kule kwao, aombe visa. Vice-prezida alinijia na ujumbe wa mnunuzi huyo kwenye simu.

“Dada, mgeni anangoja. Andika kama zamani.”

Niliandika kama zamani. Jina la mgeni nililinakili herufi kwa herufi kutoka pasipoti yake, na namba ya pasipoti, kazi yake, kampuni yake, siku ya kufika na siku ya kutoka, mahali atakapolala, na sababu ya safari. Nikaweka namba ya usajili wa ushirika na namba ya simu ya prezida. Nikaandika maneno ambayo barua hizo huwa nayo: mimi niliyetia sahihi hapa chini ninajitwika jukumu la kumpokea mgeni huyu, kumlaza, kumlisha, na kuhakikisha anatoka nchini kabla ya visa yake kuisha. Nikaandika tarehe ya siku ile. Nikaambatisha kopi ya kadi ya mpiga kura ya papa, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Mkono ulifanya kazi uliyoizoea. Mimi mwenyewe sikuwa hapo.

Vice alipeleka barua kwa mthibitishaji wa hati mjini, naye akalinganisha sahihi na ile ya papa iliyokuwa kwenye faili yake. Zilifanana, kwa sababu ilikuwa kweli sahihi ya papa. Ikapigwa muhuri, ikapigwa picha, ikaenda.

Simu ya papa nilikuwa nayo mimi. Niliiacha ikiwaka kwa ajili ya watu wa mbali waliokuwa bado hawajasikia. Siku moja asubuhi nilikuwa mezani kwenye kituo chetu cha kuoshea kahawa pamoja na wamama, tukichagua matunda mabovu, ikalia kwenye mfuko wa kitenge changu. Namba ilikuwa ya Ulaya.

Alikuwa mama mmoja wa ubalozini, Mukongomani kama sisi. Alianza kwa Kifaransa. Aliposikia ninavyokitafuta akageukia Kiswahili.

“Hii njo simu ya prezida?”

“Ndiyo, mama.”

“Munipatishe yeye mwenyewe. Niko na barua yake hapa ku meza. Nataka tu asibitishe kama ni yeye anaalika.”

“Hayuko, mama.”

“Atarudia saa ngapi?”

Wamama walikuwa wameacha kuchagua. Nilijua la kusema ili mambo yapite. Lingekuwa neno moja tu, kesho. Nilifungua kinywa, likakataa kutoka.

“Alikufa.”

“Oh, pole sana, dada. Lini?”

Nilimwambia siku. Nikasikia karatasi ikigeuzwa.

“Dada, hii barua iko na tarehe ya siku tisa nyuma ya maziko. Huko kwenu wafu banaandika?”

Hapo ndipo nilipoona. Sikuwa nimeona kabla ya hapo, na sitaki mtu afikiri nilificha. Nikakaa juu ya gunia. Nilikuwa nimemfanya papa yangu aahidi, akiwa udongoni, kwamba atamlaza mgeni na kumlisha.

“Nani aliandika?” aliuliza.

“Ni mimi.”

“Na sahihi?”

“Ni yake ya kweli. Aliitia mbele ya kufa, karatasi ikiwa tupu.”

Alipumua. “Nikipeleka hii kwa mukubwa wangu, mgeni wenu anakataliwa, na kukataliwa kunabakia mu faili yake. Nitaandika kama faili haijatimia. Mutumie barua ingine mu siku kumi. Asaini muntu anaishi. Na procès-verbal, ile karatasi ya mukutano inayoonyesha nani alimuchagua.”

Vice alipopata habari alishika kichwa.

“Ungesema iko mu shamba!”

“Iko mu shamba kweli, vice. Wewe ulishika jembe.”

Mama mmoja alicheka, kisha akaziba kinywa kwa haya.

Ugumu ulikuwa hapa. Kwetu kiti cha marehemu hakikaliwi kabla ya siku ya arobaini, tunapoondoa kilio. Zilibaki siku kumi na tisa. Ubalozi ulitupa kumi. Kamati ilikusanyika chini ya bati la kituo. Shangazi yangu, dada ya papa, naye ni mwanachama. Alisimama.

“Kiti yake iko bado na moto, na munataka kuikalia? Kwa sababu ya Muzungu?”

“Mama, kahawa itaoza,” vice alisema polepole.

“Ioze!”

Halafu wote wakanitazama, maana mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nilitamani mtu mwingine aseme. Niliwaza wamama wa mezani, na matunda mekundu yasiyojua arobaini ni nini.

“Shangazi,” nilisema, “kosa ni langu. Acha bachague.”

Alitoka nje, akakaa kwenye mvua ndogo na mgongo wake kwetu. Watu wakainua mikono. Vice akawa prezida.

Nikashika peni kuandika procès-verbal. Sentensi ya kwanza ilipaswa kueleza kwa nini tumechagua. Niliandika: kutokana na kifo cha prezida wetu. Nilikuwa nimelia, nimepika chakula cha maziko, nimewapokea wageni wa kilio, lakini sikuwa nimewahi kuliandika neno lile. Nilibaki nikilitazama kana kwamba mtu amelileta sasa hivi mlangoni.

Vice alienda mwenyewe kwa mthibitishaji, akaweka sahihi yake kwenye faili, na barua ya pili ikaenda na kadi yake yeye. Visa ilitoka. Mgeni alifika wiki ya mwisho ya mavuno, akatia mikono yake ndani ya maji ya kuoshea, akatia sahihi.

Kabla ya hapo, jioni ya mkutano, shangazi alirudi ndani akanyoosha mkono.

“Ile mikaratasi ingine iko wapi?”

Nilizitoa kabatini. Zilibaki nne. Ulikuwa mwandiko wa mwisho wa papa, na katika ya nne herufi zilikuwa zimeanza kutetemeka. Shangazi alizitazama, akanirudishia.

Nilichukua rula. Kwenye kila karatasi nilipiga mstari kutoka pembe ya juu kushuka, ili mtu asiandike tena chochote hapo. Mstari ulipokaribia sahihi, niliinua peni.