Mama Plasta na Insha Iliyokatwa Vipande

Wodini wanamwita Mama Plasta, kwanza kwa sababu mfukoni mwake hamkosekani roli ya plasta, na pili kwa sababu akishakushika hakuachii mpaka akumalize. Alianza kusafisha vidonda wakati madaktari wanaompa amri leo wakibadilishwa nepi. Usaha haumtishi. Damu haimtishi. Hata ndugu wa wagonjwa, wale wanaoingia na viatu vya matope na maswali ya kipolisi, hawamtishi.

Kilichomtisha ni insha.

Alikuwa akisoma jioni, stashahada ya juu, kwa sababu kiti cha msimamizi wa wodi kilikuwa kinakaribia kubaki wazi, na bila cheti hicho kingekaliwa na mtu mwingine yeyote mwenye cheti na makalio. Swali lilikuwa fupi: tathmini huduma moja unayoitoa kazini kwako. Akachagua kusafisha vidonda. Aliandika kwa raha, akaipeleka, ikarudi imefeli. Chini yake mhadhiri alikuwa ameandika: “Maelezo ni mengi, tathmini hakuna. Rudia.” Kurudia kuliruhusiwa mara moja tu. Akifeli tena, anatolewa kwenye kozi, na kiti ndiyo basi.

Jumamosi mchana shemeji yake, mdogo wa mume, mwalimu wa sekondari, alipita kusalimia, yaani kula. Alipomaliza sahani ya pili akawekewa insha mbele yake.

“Shemeji, isome uniambie huyu mhadhiri ana nini na mimi.”

Mwalimu akajifuta mikono. “Mwongozo wa kusahihisha uko wapi?”

“Upi?”

“Karatasi yenye vigezo. Walikupa pamoja na swali.”

Ilikutwa chini ya birika, ina duara la chai. Kigezo cha kwanza, kueleza tatizo. Cha pili, ushahidi kutoka vitabuni. Cha tatu, kutathmini utendaji, na hicho peke yake kilibeba zaidi ya theluthi ya alama. Cha nne, mapendekezo. Cha tano, mpangilio na marejeo. Mama Plasta aliisoma karatasi hiyo kwa mara ya kwanza. Akaisoma tena, kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba.

“Kwa hiyo alama ziko hapa?”

“Zote. Wewe ulidhani wanapima uzito wa karatasi?” Mwalimu akavuta kiti. “Kila aya iseme inafanyia kazi kigezo gani. Na kila kigezo kioneshe aya yake. Isiyo na kigezo inahama au inakufa. Lete mkasi.”

Mkasi ulikuja, na plasta. Insha ikakatwa aya kwa aya, vipande vikapangwa mezani, na kila kipande kikasubiri kubandikwa plasta yenye namba ya kigezo chake.

Aya ya kwanza: aliripoti kazini, akapokea zamu. Mwalimu akakuna kichwa. “Hii ni kigezo gani?”

“Hiyo ni utangulizi.”

“Inaeleza tatizo gani?”

“Kwamba nilifika kwa wakati.”

Ya pili: aliandaa troli. Haikupata namba. Ya tatu: alinawa mikono, na katikati yake kulikuwa na sentensi mbili kutoka kitabu cha kozi. Hiyo ikapewa namba mbili kwa shingo upande. Ya nne ilikuwa kitanda cha mlangoni, ya tano kitanda cha pili, na kuendelea kitanda baada ya kitanda. Nusu ya meza ikawa na vipande visivyo na plasta, kama wagonjwa wasio na faili. Kwenye kigezo cha tatu, chenye alama nyingi kuliko vyote, hapakuwa na kipande hata kimoja.

Mama Plasta akakaa.

“Hakuna hata moja?”

“Hakuna, shemeji. Hii si insha. Hii ni ripoti ya zamu.”

Na kweli ilikuwa ripoti ya zamu. Miaka yote alikuwa amefundishwa kuandika hivyo: kilichotokea, kwa mfuatano wa saa, bila maoni yako, na jambo la kuangaliwa liende mwisho ili wanaoingia wakumbuke. Alikuwa ameiandika vizuri kabisa, ila aliiandikia wodi.

“Na hii?” Mwalimu aliinua aya ndefu kuhusu uuguzi kama wito.

“Hiyo usiiguse. Niliiandika nikilia.”

“Kigezo cha machozi hakimo.” Akampa. “Itupe mwenyewe.”

Aliishika, akaikunja, akaiweka mfukoni kando ya plasta. Kutupa hakuweza.

Kikabaki kipande cha mwisho, hitimisho. Mwalimu akakisoma kwa sauti: “Mwisho, imeonekana kuwa baadhi ya vidonda safi vilianza kutoa usaha siku chache baadaye. Zamu inayofuata iangalie.” Akacheka mpaka akashika meza. “Zamu inayofuata ni nani, msahihishaji? Aje na glavu?”

Yeye hakucheka. “Lete hapa.”

Akakibandika namba moja. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na lilikuwa limelala mkiani. Akakihamishia mbele kabisa. Chini yake akaweka aya ya kunawa mikono, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi. Chini ya hiyo, kwa kujaribu tu, akasogeza kitanda cha mlangoni na kitanda cha pili.

Kisha akasoma kutoka juu kwenda chini.

Kwanza, vidonda safi vimetunga usaha. Pili, kitabu, kwa mwandiko wake mwenyewe: anza na vidonda safi, malizia na vyenye maambukizi. Tatu, yeye: “Nilianza na mzee wa mlangoni, mwenye kidonda cha mguu kinachotoa usaha. Kisha nikaenda kitanda cha pili, kidonda safi cha upasuaji.”

Akarudi juu, akavisoma tena vipande vyote vitatu. Mwalimu, ambaye hajawahi kusafisha kidonda zaidi ya goti lake, aliuliza kuna nini.

“Tunaanzia mlangoni,” Mama Plasta alisema polepole. “Kwa sababu troli inakaa mlangoni.”

“Basi?”

“Basi niliandika sheria, nikaandika namna ninavyoivunja, vyote kwenye karatasi moja. Nikafeli, nikamlaumu mhadhiri.”

Akachukua kalamu, akaanza kigezo cha tatu. Aliandika kwamba hawezi kuthibitisha kuwa mpangilio huo ndio ulioleta usaha, lakini unaongeza hatari, na sababu yake si kukosa elimu, ni mazoea. Mapendekezo yakafuata yenyewe. Mwalimu akamkumbusha kuwa kigezo cha tano hakina aya, ni cha insha nzima. Kwa hiyo wakaisoma tena na kukuta “kama nilivyosema hapo juu” ikielekeza kwenye jambo ambalo sasa liko chini. Wakairekebisha.

Jumatatu asubuhi, kabla insha haijasomwa na mhadhiri, alisukuma troli akampita mzee wa mlangoni bila kusimama.

“Sista,” mzee aliita, “leo nimekukosea nini?”

“Hujanikosea, babu. Umehamishiwa kwenye hitimisho.”

Insha ilirudi imefaulu. Mhadhiri aliandika: “Tathmini nzuri. Mara ya kwanza uliificha wapi?” Mama Plasta aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama kwenye kitanda cha mlangoni, cha mwisho kwenye mzunguko, akabadilisha glavu, na kufungua bandeji ya mzee.