Baiskeli ya Wifi na Benchi Langu

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alinunuliwa na mwanawe baiskeli ya mazoezi. Akaniita, mtaa wetu wote wa Area D, hapa Dodoma, ukisikia: "Wifi, njoo uone!" Nikaenda. Akapanda, akakanyaga, jasho likamtoka.

"Mbona hufiki?" nikamuuliza.

"Wivu huo, wifi."

Alisema kweli. Usiku ule sikula.

Nilikuwa na fedha kidogo niliyopata kwa kuuza zabibu za shamba langu. Nikamwambia mjukuu wangu, binti anayenifanyisha mazoezi ya magoti, aninunulie baiskeli kubwa kuliko ile. Akatikisa kichwa.

"Bibi, baiskeli ni miguu na pumzi, basi. Fedha ni ndogo. Kila kitu tunachonunua kitupe mazoezi mengi."

Akaleta mipira ya kuvuta, mmoja laini, mwingine mgumu. Niliona aibu. Ndiyo mali hii? Lakini aliufunga mmoja kwenye nondo za dirisha, nikavuta kwa mgongo. Akaukanyaga, nikanyanyua kwa mikono. Akanivisha juu ya magoti, nikawa nakaa na kusimama. Zabibu za msimu uliofuata zikanunua vyuma viwili vya mkono, vya kuongezwa uzito kadiri mtu anavyopata nguvu. Hapo hata yeye mjukuu akapata mazoezi yake mazito, na mimi yangu mepesi, kwa vyuma vilevile.

Wifi akaja kucheka. "Vyuma chakavu hivi!" Kesho yake akaja tena. Keshokutwa akaja na kanga ya kufutia jasho. Mjukuu wangu akawa anamshika kiwiko, "Hivyo hivyo, bibi," kwa sauti ileile ninayoijua mimi. Moyo ukaniuma kuliko siku ya baiskeli.

Kisha siku moja mjukuu akasema kinachofuata ni benchi lenye egemeo la kuinuka: utalala usukume vyuma, utainua egemeo usukume kwa mabega, na sisi wazee tusioweza kulala sakafuni tutapata pa kulala tukifanya mazoezi.

Wifi akadakia, "Nauza baiskeli, nanunua mimi. Tuliweke kwangu, sebule yangu kubwa. Na vyuma vihamie huko."

Mjukuu akavitazama vyuma, akifikiri. Niliona atakayehamia kwa wifi ni yeye mjukuu, si vyuma tu.

Asubuhi nikapanda bajaji hadi Kizota, nikamwagiza fundi wa kuchomelea vyuma anitengenezee benchi. Makochi yangu, niliyoyatunza tangu mume wangu yu hai, nikampa anayeyataka, sebule ipate nafasi.

Wifi alipokuja akasimama katikati, akitafuta pa kukaa. Palikuwa na benchi tu.

"Wifi, makochi yako wapi?"

"Yalikuwa na kazi moja tu, kama baiskeli yako."

Akacheka, akakaa, akaegemea. "Limetulia."

"Limetulia. Inuka sasa," nikamwambia. "Naanza mimi. Na mjukuu ananishika mimi kwanza."